Tanki linavuja, fundi: uliyoniambia na niliyoyaona

Uyole, Mbeya

Ndugu Fundi,

Habari za kazi. Tanki la lita 2,000 ulilonifungia wiki tatu zilizopita linavuja pale linapotokea bomba la kutolea maji. Nimekupigia mara tatu na kila mara umenipa sababu mpya. Nazijibu hapa moja moja.

Dhana: ni baridi ya Julai, plastiki imesinyaa, joto likija litaacha.

Nilikinga kikombe cha nusu lita alfajiri, kikajaa kwa dakika 10. Saa nane mchana, jua likiwaka, kilijaa kwa dakika 10 zilezile. Hizo ni lita 3 kwa saa, lita 72 kwa siku, na zote naziona zikilowesha matofali ya mnara.

Dhana: tanki ni bovu, nirudi dukani.

Nilifunga koki, nikakausha kiungo kwa kitambaa, nikakizungushia karatasi ya chooni. Ililowa kwanza kati ya nati na ukuta wa tanki. Kwingine kote tanki ni kavu. Garantii ya dukani ni ya tanki lenyewe, lakini tundu ulitoboa wewe kwa chuma cha moto, mimi nikiwa nimekushikia ngazi. Kingo zilibaki na vinundu, na raba haiwezi kulala bapa juu ya vinundu. Tena bomba linashuka mita 3 bila klempu hata moja, kwa hiyo uzito wake wote unavuta kiungo hichohicho.

Dhana: tepu zaidi na silikoni kwa nje vinatosha.

Tepu inaziba kwenye uzi. Maji haya yanapita pembeni mwa raba, tepu haiyagusi. Silikoni nayo haishiki vizuri kwenye plastiki ya tanki, na ukiipaka nje maji yanaisukuma kutoka ndani.

Dhana: nimalizie hela kwanza, ndipo uje.

Tulikubaliana ufundi shilingi 180,000. Umepokea 120,000, na 60,000 ilikuwa ya siku tanki litakaposhika maji. Nyuma ya risiti umeandika kwa mkono wako: garantii miezi 6. Hata kama tungeongea kwa mdomo tu, Sheria ya Mikataba inayatambua makubaliano ya mdomo.

Naomba uje kabla ya Jumamosi. Maji nitayahamishia kwenye mapipa. Fungua konekta, lainisha kingo za tundu kwa msasa, weka raba mpya kwa ndani, kaza nati kwa mkono kisha spana kidogo tu, maana ukizidisha raba hujikunja. Bomba lifunge kwa klempu ukutani. Halafu tulijaze, tuliache siku nzima na karatasi ikiwa imezungushiwa palepale.

Ikibaki kavu, 60,000 naituma jioni hiyohiyo. Usipofika, nitaita fundi mwingine, na gharama yake nitaikata kwenye hiyo 60,000.

Mwenye nyumba