Doa la milimita 9: tunayoyaamini kuhusu utrasaundi ya ini

Dhana: "Ini haliniumi. Nakula ugali na migebuka nashiba. Utrasaundi kila miezi 6 ya nini?"

Ukweli: Utrasaundi hiyo hutafuta saratani ya ini ikiwa bado changa, na nyama ya ini yenyewe haihisi maumivu. Kinachouma ni ngozi nyembamba inayolifunika, pale inapovutwa na uvimbe mkubwa. Saratani ya sentimita 1 au 2 haiivuti, wala haileti manjano. Kwa mwenye sirosisi, yaani ini lililojaa makovu, au mwenye homa ya ini B ambaye daktari amemweka kwenye kundi la hatari, kungoja dalili ni kungoja hadi tiba za kuponya zimepita.

Dhana: "Sina sirosisi, tena nameza dawa za homa ya ini B."

Ukweli: Dawa hupunguza hatari, haziiondoi. Kirusi cha B kinaweza kuzaa saratani hata kwenye ini lisilo na makovu.

Dhana: "Ni kidoa kidogo tu," au kinyume chake, "Wameona doa, basi nimekwisha."

Ukweli: Hapa ndipo watu wengi hupotea, nami naomba tutulie kidogo. Mchukue mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi, Kigoma, mwenye sirosisi iliyotokana na homa ya ini B. Utrasaundi inaonyesha doa la mviringo, jeusi kuliko ini linalolizunguka, milimita 9. Saratani changa mara nyingi huonekana hivyo, ingawa nyingine huwa nyeupe kwa sababu ya mafuta. Lakini hata kinundu cha kovu huweza kufanana nalo. Chini ya sentimita 1 hakuna picha inayotoa jibu la uhakika, hivyo anaambiwa arudi baada ya miezi 3, si 6.

Anarudi. Sasa ni milimita 11. Mbili tu zimeongezeka, lakini doa ni kama mpira: kwa kipimo hicho ujazo wake umekaribia mara mbili. Tena limevuka sentimita 1, kwa hiyo anapelekwa siti skani ya kudungwa dawa mshipani. Ini hupata damu yake nyingi kutoka kwenye mshipa unaotoka matumboni, ilhali saratani hunyonya kutoka ateri. Ndiyo maana doa lake linang'aa mapema, kisha linafifia kuliko ini. Kwa mwenye sirosisi, alama hizo mbili zikikutana kikamilifu, mara nyingi jibu hupatikana bila kukata kinyama. Kwa ukubwa huo, ini likiwa bado lina nguvu, doa linaweza kukatwa au kuunguzwa kwa sindano ya joto.

Dhana: "Utrasaundi imesema safi, basi niko safi."

Ukweli: Gesi ya tumbo, mafuta mengi mwilini na mbavu huficha sehemu ya juu ya ini. Nenda bila kula kwa saa 6 hivi, na muulize mpimaji: "Ini umeliona lote?" Kama hapana, mwambie aandike hivyo kwenye majibu, ili daktari aamue kama unahitaji kipimo kingine. Kipimo cha damu cha AFP, protini ambayo saratani ya ini huweza kuiongeza, husaidia, lakini saratani nyingi ndogo hazikipandishi.