Zaburi 114: mstari wa pili sio mwangwi wa wa kwanza

Zaburi ya 114 ina aya 8 tu, na Wayahudi huisoma usiku wa Pasaka kabla ya kula. Karibu kila aya ni jozi, mstari mmoja unatangulia na wa pili unaufuata. Mwaka 1753 Robert Lowth wa Oxford aliuita mtindo huu usambamba, akaugawa mafungu matatu: mistari inayofanana, inayopingana na inayoendeleza wazo. Tangu hapo watu wameshika zaidi lile fungu la kwanza, la kufanana, na dhana nyingi potofu za wanaotafsiri zaburi zimeanzia hapo.

Dhana: Mwebrania anasema kitu kimoja mara mbili, kwa hiyo mstari wa pili ni wa kupamba tu

Anza na aya ya 8, ndipo panapoonekana vizuri kuliko kote. Kwa Kiebrania inasema Mungu anageuza *tsur*, yaani mwamba, kuwa ziwa la maji, halafu *halamish*, jiwe la gumegume, kuwa chemchemi ya maji. Ukiwa na haraka utaona ni yale yale. Lakini angalia vizuri, jiwe limezidi kuwa gumu, kutoka mwamba wa kawaida hadi gumegume ambalo hata patasi linaikataa, na maji nayo yamebadilika, ya kwanza yametuama na ya pili yanabubujika yenyewe bila kukoma. Mstari wa pili umepandisha dau pande zote mbili. Sasa mtafsiri akiandika "mwamba" na "jiwe", "maji mengi" na "maji", kashusha kile ambacho mshairi alikuwa anakipandisha, na msomaji ataona kweli ni marudio, kumbe marudio yameletwa na tafsiri.

Halafu kuna jambo la pili hapo hapo. Kumbukumbu la Torati 8:15 ina maneno hayo mawili yakiwa yameshikana, *tsur hahalamish*, mwamba wa gumegume, ule uliotoa maji jangwani. Mshairi wa zaburi kauchukua msemo mmoja akaupasua, nusu mstari huu na nusu mstari ule. Kwa hiyo ni jiwe moja linatazamwa mara mbili, na ukitia "na pia" katikati msomaji atahesabu miujiza miwili.

Ila usikimbilie kusema basi kila jozi ni kitu kimoja, maana aya ya 3 inakataa. Bahari iliona ikakimbia, Yordani ikarudi nyuma. Hayo ni matukio mawili kabisa, bahari ni Kutoka 14 wakati wa kuondoka Misri, na Yordani ni Yoshua 3 wakati wa kuingia Kanaani, katikati pana miaka 40 ya jangwani. Mshairi kaibana yote ndani ya jozi moja, mwanzo wa safari na mwisho wake. Usambamba peke yake haukuambii kama ni kitu kimoja au viwili, lazima uulize kila jozi kivyake, na jibu lako litaonekana kwenye vitu vidogo sana kama "na".

Chukua aya ya 1. Ukiandika "Israeli alipotoka Misri, na nyumba ya Yakobo katika watu wa lugha ngeni," kwa Kiswahili hiyo "na" inaleta kundi la pili, mtu anaweza kudhani walitoka Israeli halafu wakatoka na watu wa Yakobo. Kiebrania hakina "na" hapo. Mimi ningeandika hivi:

> Israeli walipotoka Misri,
> nyumba ya Yakobo kwa watu wa lugha wasiyoielewa,

Koma inatosha, na sasa mstari wa pili unafanya kazi yake, Misri siyo tena jina la nchi tu, ni mahali ambapo unaamriwa kwa maneno usiyoyaelewa.

Dhana: kila mstari lazima uwe na kitenzi chake, la sivyo sentensi haijakamilika

Aya ya 4 kwa Kiebrania inasikika hivi: *heharim rakedu kheelim, gevaot kivnei tson*. Milima iliruka kama kondoo dume, vilima kama wanakondoo. Maneno matatu kwa matatu. Kitenzi *rakedu* kiko mstari wa kwanza tu, na nafasi yake kule wa pili imejazwa kwa kurefusha jina la mnyama, badala ya neno moja wamewekwa "wana wa kundi", maneno mawili. Mizani inabaki sawa. Kiswahili kinaweza hili bila shida yoyote, ndiyo maana inaniuma nikiona "navyo vilima viliruka kama wanakondoo", mstari wa pili unakuwa mrefu na mzito wakati ndio wenye viumbe vidogo, vilima na wanakondoo, ulitakiwa uruke!

Lakini ukweli una mpaka wake, na mpaka ni aya ya 5 na 6. Pale mshairi anauliza bahari "una nini hata ukimbie?" halafu swali halirudiwi tena, Yordani, milima na vilima vyote vinaning'inia kwenye lile "una nini" moja. Ukiacha vile vile kwa Kiswahili unapata "Yordani, unarudi nyuma", na hiyo ni taarifa, swali limekufa. Hapo inabidi urudishe kitu, ila kidogo:

> Una nini, ewe bahari, hata ukimbie,
> nawe Yordani, hata urudi nyuma?
> Enyi milima, mbona mnaruka kama kondoo dume,
> enyi vilima, kama wanakondoo?

"Hata" moja na "mbona" moja zimetosha. Soma kwa sauti mbele ya mtu ambaye hajaiona zaburi, akisikia swali mpaka mwisho basi umefaulu.

Dhana: mtafsiri mzuri hukwepa kurudia neno

Hapana. Maneno ya aya ya 3 na 4 yanarudi kwenye 5 na 6 makusudi, kukimbia ni kule kule, kurudi nyuma ni kule kule, kwa sababu ni kejeli kwa bahari, inaulizwa juu ya kile kile ilichofanya. Ukiweka "ikakimbia" juu na "ukatoroka" chini, kejeli imepotea.

Dhana: pasipoeleweka ongeza jina

Aya ya 2 inasema Yuda ikawa patakatifu *pake*, Israeli milki *yake*. Pa nani? Mungu hajatajwa bado. Kwa Kiswahili shida ni kubwa maana aliyetajwa karibu ni Yakobo, msomaji anaweza kudhani patakatifu ni pa Yakobo, ndiyo maana watafsiri wengine huweka "Mungu" hapo hapo. Nawaelewa, lakini jina limezuiwa mpaka aya ya 7, baada ya bahari kukimbia na kuulizwa kwa nini, ndipo nchi inaambiwa itetemeke mbele za Bwana, mbele za Mungu wa Yakobo. Jibu la swali la aya ya 5 ndilo hilo jina. Ukilitoa kwenye aya ya 2 bahari inaulizwa swali ambalo kila mtu anajua jibu lake.

Tafsiri ya kale ya Kigiriki ilitoa njia nyingine, neno Haleluya linalofunga zaburi ya 113 ikalihamishia mwanzo wa hii, kwa hiyo "yake" ikapata mwenyewe bila kugusa mistari. Kwangu mimi bora tanbihi chini ya ukurasa. Na kichwa cha habari kinachowekwa juu ya zaburi kichungwe pia, Kiebrania hakina kichwa hapa, ni wahariri wanaokiongeza, na kikiandikwa "Mungu awatoa Israeli Misri" jina limeshatoka kabla hata ya aya ya 1.