Ushuru wa kochi umepanda, mbona bei haikupanda vilevile?

“Ushuru wa fanicha za nje umetoka asilimia 25 ukafika 35. Mbona dukani kochi halikupanda kwa asilimia 10?”

Kwa sababu ushuru hautozwi kwenye bei ya dukani. Unatozwa kwenye thamani ya mzigo pale unapoingia bandarini, kabla ya pango la duka, mishahara, usafiri wa mjini na faida ya mwenye mali. Vyote hivyo vimo kwenye bei unayoulizwa wewe, na afisa forodha havigusi.

Kwanza hilo la 35 limetoka wapi. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilianza ushuru wake wa pamoja mwaka 2005 ikiwa na madaraja matatu: asilimia 0, 10 na 25. Tarehe 1 Julai 2022 likaongezwa la nne, asilimia 35, kwa bidhaa ambazo viwanda vya hapa vinaweza kutengeneza, kama fanicha, vigae na nguo. Nchi wanachama huruhusiwa kutofautiana na jedwali hilo kwa bidhaa fulani, mwaka kwa mwaka, kwa hiyo mwenye kuagiza humuuliza wakala wake kiwango cha mwaka huo, si cha mwaka jana.

Sasa tuchukue seti moja ya makochi kutoka China kwenda Dar es Salaam. Tarakimu hizi ni zangu, za kupigia hesabu tu, na tozo ndogondogo zinazobadilika kila bajeti nimeziweka kando. Kiwandani seti imenunuliwa kwa shilingi 760,000. Nauli ya meli ni 225,000, maana kochi ni kubwa na linakula nafasi ya kontena. Bima ni 15,000. Jumla ni 1,000,000, na hiyo ndiyo thamani ya forodha, ile ambayo kwenye nyaraka huandikwa CIF.

Kwa asilimia 25 ushuru ni 250,000. Mfanyabiashara anaongeza 250,000 za wakala, usafiri na pango, kisha anataka faida ya 400,000. Tumefika 1,900,000. Juu yake inakuja VAT ya asilimia 18, na mteja analipa 2,242,000. (VAT huwa imeshatozwa mara moja bandarini, juu ya thamani pamoja na ushuru wenyewe, lakini aliyesajiliwa huirejesha kwenye hesabu zake. Asiyesajiliwa inabaki kuwa gharama yake.)

Ushuru ukipanda kufika asilimia 35, unakuwa 350,000. Mengine yote yakibaki kama yalivyo, bei kabla ya VAT inakuwa 2,000,000, na mteja analipa 2,360,000. Limeongezeka shilingi 118,000: laki moja ya ushuru, na 18,000 ya VAT iliyotozwa juu ya ushuru huo. Kwenye bei ya dukani hilo ni ongezeko la asilimia 5 na kidogo.

Hapo nimechukulia kwamba mwenye duka ameridhika na faida yake ileile ya laki nne. Wengi hawafanyi hivyo. Wao huweka faida kwa asilimia ya gharama, na gharama ikipanda, faida nayo inapanda. Kwa njia hiyo seti ileile ingefika kama 2,391,000, yaani karibu asilimia 7 zaidi, na forodha haijachukua hata shilingi ya faida hiyo ya ziada. Wapo pia wanaokubali kula hasara ya sehemu ya ushuru kwa miezi kadhaa, hasa wenye ghala lililojaa mali iliyoingia kwa kiwango cha zamani.

Kuna jambo ambalo waagizaji wapya huligundua wakiwa wamechelewa: nauli nayo inatozwa ushuru. Meli ikipandisha nauli ya seti ile kutoka 225,000 hadi 525,000, thamani ya forodha inakuwa 1,300,000 na ushuru wa asilimia 35 unaruka kutoka 350,000 hadi 455,000. Kochi halijabadilika, kiwango hakijabadilika, ila umelipa 105,000 zaidi. Marekani hawafanyi hivyo. Wao hutoza bei ya bidhaa bila nauli ya baharini. Kwetu anayeagiza vitu vikubwa vya bei nafuu ndiye anayeumia zaidi.

Ukiyaelewa hayo, utaona kwa nini vita kubwa ya forodha haiko kwenye kiwango bali kwenye thamani. Sheria ya forodha ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 inasema msingi ni bei iliyolipwa kweli, au itakayolipwa, kwa mzigo huo. Lakini kishawishi kipo: muuzaji akiombwa aandike ankara ya 400,000 badala ya 760,000, ushuru unapungua kwa 126,000 kwa kila seti. Afisa hana haja ya kuwa mchawi kuligundua. Ana kumbukumbu za waagizaji wengine walioleta makochi ya aina hiyo kipindi hichohicho, na akiona bei imelala mno ataomba uthibitisho: hati ya benki ya malipo, barua za oda, orodha ya bei ya kiwanda. Uthibitisho ukikosekana, anaiacha ankara na kutafuta thamani ya bidhaa ileile iliyoletwa na mwingine; isipopatikana, ya bidhaa inayofanana nayo; na kuendelea hadi njia ya sita. Wakati huo kontena limekaa bandarini na gharama za kuhifadhi zinahesabiwa kila siku.

Bei ndogo peke yake, hata hivyo, si ushahidi wa udanganyifu. Aliyepata punguzo la kweli kwa kununua kontena zima ana haki ya kutozwa kwa bei hiyo, na sheria inakataza kubuni thamani kutoka hewani. Kinachomwokoa ni karatasi zake.

Kwa bidhaa chache serikali zimeamua kutotegemea ankara peke yake. Mchele, kwa mfano, uko kwenye orodha ya bidhaa nyeti: asilimia 75 ya thamani au dola 345 kwa tani, kiasi kilicho kikubwa kati ya viwili hivyo. Anayeandika kwamba tani yake ni dola 300 angetozwa 225 kwa asilimia, basi anatozwa 345. Akiandika 500, asilimia 75 ni 375, na hiyo ndiyo atakayolipa.

Limebaki kochi la Keko, mtaa wa mafundi fanicha jijini Dar es Salaam. Fundi wa pale halipi ushuru huo kwenye kochi analolitengeneza, lakini yule wa nje akipanda kwa 118,000, naye anapata nafasi ya kupandisha bei yake bila kupoteza wateja. Fedha hiyo haiendi hazina, inabaki kwake, na ndiyo shabaha ya ushuru wa kulinda viwanda. Mwaka 2018 Marekani ilipoweka ushuru kwenye mashine za kufulia, watafiti walikuta bei zake zimepanda kwa karibu asilimia 12. Mashine za kukaushia nguo, ambazo hazikuwekewa ushuru wowote, zilipanda nazo kwa kiasi kama hicho, kwa kuwa watu huzinunua mbili pamoja na wauzaji waliligawa ongezeko juu ya zote.