Bronkiolaitisi: kifua cha kichanga kinachobana baada ya mafua

Mafua ya kawaida mtu mzima anapiga chafya siku mbili tatu yanaisha, lakini kwa kichanga kirusi kilekile kinaweza kushuka mpaka kwenye vile vijinjia vyembamba kabisa vya hewa ndani ya mapafu, vinavimba, vinajaa makamasi, na kwa sababu ni vyembamba mno uvimbe kidogo tu unamfanya mtoto ahangaike kutoa pumzi. Hiyo ndo bronkiolaitisi. Inawapata watoto chini ya miaka 2, hasa wa miezi 3 mpaka 6, na kirusi kinachoongoza kinaitwa RSV.

Tuchukue mtoto wa miezi 4 pale Tandika, mama karudi kazini likizo ya uzazi imeisha, mtoto anabaki na bibi na maziwa aliyokamuliwa. Jumatatu makamasi, Jumanne makamasi na kikohozi, Jumatano usiku kifua kinapiga mluzi na anapumua harakaharaka. Alhamisi bado yuko hivyohivyo, Ijumaa baba anashindwa kuvumilia anaenda duka la dawa anarudi na ile chupa ya amoksilini ya unga, wanatikisa na maji wanampa. Jumapili mtoto ana nafuu, basi mtaa mzima unajua dawa imefanya kazi. Kumbe ugonjwa wenyewe unakuwa mkali siku ya 3 mpaka ya 5 halafu unaanza kushuka wenyewe, na dawa imeingia pale pale kwenye mteremko. Antibayotiki inaua bakteria, kirusi haikigusi, na uvimbe na makamasi haiviondoi. Inachoweza kumletea ni kuharisha, na huyu ni mtoto ambaye tayari anakunywa kidogo, kwa hiyo mmemuongezea njia ya kupoteza maji.

Zipo nyakati inatakiwa kweli, mfano daktari akiona dalili za nimonia ya bakteria, na tusidanganyane, kuitofautisha na bronkiolaitisi kwa macho ni kazi hata kwa wataalamu, ndo maana mtoto anayepumua haraka apimwe kwanza na akiandikiwa dawa apewe dozi nzima. Kubahatisha dukani ndo tatizo.

Sasa kazi kubwa nyumbani ni kumlisha, na hapa bibi ndo daktari. Kichanga anapumua kwa pua, pua ikiziba ananyonya mara mbili anaachia analia, watu wanasema kakataa ziwa, hajakataa, anatafuta hewa. Kabla ya kumlisha mwekee matone mawili ya maji ya chumvi ya puani kila tundu (yanauzwa famasi, msitengeneze wenyewe kwa kukadiria), subiri kama dakika moja, vuta makamasi taratibu kwa kile kipira. Halafu mpe kidogo kidogo mara nyingi, akiwa kainuliwa kichwa, umpumzishe katikati. Huyu wetu alizoea mililita 120 mara 6, yaani 720 kwa siku. Mpeni 60 kwa kikombe mara 10, inafika 600, hapo tunaenda vizuri. Lakini akichukua 50 tu mara 6 ni 300, chini ya nusu, huyo apelekwe hospitali hata kama anacheka. Anayenyonya ziwa hesabuni pampasi, zikikaa kavu kwa muda wa masaa 12 msingoje. Maji matupu hapana kwa wa chini ya miezi 6, asali hapana mpaka atimize mwaka, na jiko la mkaa litoke nje, sigara pia.

Kupumua hesabuni dakika nzima kwa saa ya simu akiwa ametulia au kalala, mfunueni nguo mwone tumbo na kifua. Kuanzia 50 kwa wa miezi 2 mpaka 11, au 60 kwa wa chini ya miezi 2, apelekwe akapimwe siku hiyohiyo. Mbavu zikiingia ndani kila anapovuta hewa, pua zinatanuka, anaguna kila pumzi, hapo ni hospitali sasa hivi hata kama ni saa nane usiku, kodini bajaji. Midomo au ulimi kubadilika rangi kuwa bluu au kijivu, pumzi kukatikakatika, mtoto kulegea haamki vizuri, hiyo ni dharura kabisa. Aliyezaliwa njiti, mwenye tatizo la moyo, au wa chini ya miezi 3 mwenye joto la 38 na kuendelea, msimsubirie dalili zote hizo.

Huko hospitali msishangae mkikuta tiba yenyewe ni oksijeni na maziwa ya kupitia mpira wa puani, sindano hamna. Na akisharudi nyumbani kikohozi kinaweza kuendelea wiki 2 mpaka 3, kama ananyonya vizuri na hapumui haraka hiyo chupa nyingine ya unga iacheni dukani.