Alama za kufumba macho: dhana potofu kuhusu mitihani ya maswali ya picha

Kuna swali ambalo huwa napenda kuanza nalo: “Ndizi iliyo mezani ina rangi gani?” Picha hujaoneshwa, lakini jibu unalo tayari mdomoni. Mtu wa Dar es Salaam atasema ya njano. Wa Bukoba au Moshi, ambaye ndizi kwake ni ya kupika, huenda akasema ya kijani. Wote wawili wamejibu bila kuona chochote, na mmoja wao atapata alama.

Hapo ndipo ulipo mgogoro wa mitihani inayopima modeli za akili mnemba kwa maswali kuhusu picha. Kila modeli mpya inapotoka huja na asilimia zake, na wengi wetu tunazisoma kama matokeo ya kidato cha nne: aliyepata 80 anaona vizuri kuliko aliyepata 60. Nimekaa na mitihani hii muda wa kutosha kujua kwamba usomaji huo unapotosha.

Dhana: modeli ikijibu sawa kuhusu picha, ina maana imeiangalia picha

Mtihani uliofungua njia ni VQA wa mwaka 2015. Ulitumia picha zaidi ya 200,000 za maisha ya kawaida, na kila picha ikatungiwa maswali matatu na vibarua wa mtandaoni. Watunzi waliambiwa wafikirie roboti yenye akili, kisha waulize kitu ambacho roboti hiyo haitaweza kujibu. Kwa maelezo hayo ungetegemea maswali magumu.

Lakini mtunzi alikuwa anaitazama picha huku akiandika. Nani atauliza “Je, unaona mnara wa saa?” juu ya picha isiyo na mnara wowote? Anayeuliza ameshauona. Baadaye watafiti walipohesabu, walikuta kwamba maswali yanayoanza na “Je, unaona…” yalikuwa na jibu la “ndiyo” kwa asilimia 87. Kwenye “Ni mchezo gani?” jibu lilikuwa tenisi kwa asilimia 41. Kwenye “Ni ngapi?” jibu lilikuwa mbili kwa asilimia 39. Mtahiniwa aliyefungwa kitambaa machoni, akikariri mambo hayo matatu tu, ameshajikusanyia alama nyingi.

Waandaaji wenyewe walilipima jambo hili na kulitangaza, na kwa hilo nawaheshimu. Modeli yao iliyosoma swali pekee, bila picha, ilipata asilimia 50 hivi. Walipoiongezea picha ikafika karibu 58. Kwa hiyo aliyesoma “58” alidhani anaona kipimo cha macho, wakati sehemu kubwa ya alama hiyo ilikuwa kipimo cha kubashiri. Picha yenyewe ilileta alama saba au nane hivi.

Dhana: tatizo hilo lilirekebishwa zamani

Lilirekebishwa kiasi. Mwaka 2017 lilitoka toleo la pili, nalo lilitumia mbinu ninayoiona nzuri sana. Chukua swali “Mwamvuli umefunguliwa?” na picha yake ambayo jibu ni ndiyo. Kibarua alioneshwa picha nyingine 24 zinazofanana na ile ya kwanza, akatafuta moja ambayo kwa swali lilelile jibu linabadilika: mwamvuli upo, lakini umefungwa. Sasa swali moja lina picha mbili na majibu mawili, na aliyefumba macho hawezi kuyapata yote.

Mwaka uliofuata wengine waliupanga upya mtihani huo kwa ukali zaidi. Waligawa maswali ili mazoea ya majibu kwenye mazoezi yasilingane na yale ya kwenye mtihani: kama mazoezini jibu la kawaida la aina fulani ya swali ni jeupe, mtihanini liwe jeusi. Modeli moja iliyokuwa ikisifiwa wakati huo ikaporomoka kutoka asilimia 52 hadi 25. Picha ni za aina ileile na maswali ni yaleyale. Kilichoondolewa ni mteremko wa kubashiri tu.

Halafu zikaja modeli kubwa za lugha, na ugonjwa ukarudi kwa sura mpya. MMMU, mtihani wa mwaka 2023 wenye maswali ya kiwango cha chuo kikuu, wengi waliuona kuwa mgumu kweli. Mwaka 2024 kundi la watafiti likawapa watahiniwa maswali yake bila picha. Gemini Pro, modeli ya Google, ikapata asilimia 42.9, mahali ambapo kubahatisha kungeipa robo hivi. Sababu moja ni kwamba baadhi ya maswali yana jibu ndani ya maandishi yake, na picha imewekwa kama pambo. Mengine yanahitaji elimu ya darasani tu.

Sababu nyingine tunaifahamu vizuri, kwa sababu tumekua nayo: mtihani umevuja. Katika uchunguzi huohuo, modeli moja inayosoma picha ilipata asilimia 43.6 kwenye MMMU bila kupewa picha, lakini modeli ya lugha iliyo ndani yake, ile iliyojengewa juu yake, ilipata 17.9 tu ilipofanya mtihani peke yake. Jiulize tofauti hiyo imetoka wapi. Macho hayakutumika upande wowote. Watafiti hao wanaona kwamba wakati wa kufundishwa kuunganisha picha na maneno ilipita kwenye maswali hayo, au yanayofanana nayo mno, ikayakariri.

Dhana: anayejibu maswali magumu hawezi kushindwa na mepesi

Mwaka 2024 ulitolewa mtihani mdogo uitwao MMVP: maswali 300 tu, katika jozi 150 za picha. Maswali yake mtoto wa chekechea anayaweza. Je, mlango wa lori umefunguliwa au umefungwa? Mbwa anaelekea kushoto au kulia? Ugumu uko kwenye uteuzi wa picha. Waandaaji walitafuta jozi ambazo CLIP, sehemu inayotumika kama jicho ndani ya modeli nyingi, inaziona karibu sawa, ingawa binadamu anaona tofauti papo hapo. Alama hutolewa ukipatia picha zote mbili za jozi, ukikosa moja huna kitu. Kubahatisha kunatoa asilimia 25. Binadamu walipata 95.7. GPT-4V, modeli ya OpenAI iliyokuwa miongoni mwa vinara wa siku hizo, ilipata 38.7.

Napenda utaratibu wa jozi kuliko takwimu zenyewe. Modeli inayosema “umefunguliwa” kila inapoona lori itapata nusu kwenye mtihani wa kawaida, na nusu hiyo itaingia kwenye wastani na kupotea humo. Kwenye jozi inapata sifuri, na inastahili.

Dhana: ukitafsiri mtihani, umepata mtihani wa Kiswahili

Hili linaniuma zaidi, kwa sababu nimeona kazi za namna hiyo zikifanywa kwa nia njema.

VQA ulisahihishwa kwa majibu ya watu kumi kwa kila swali. Kwa ufupi, watatu wakisema kama wewe, umepata alama kamili:

```
alama = min(n / 3, 1)
```

Kabla ya kulinganisha, programu ya kusahihisha huondoa maneno madogo ya Kiingereza kama “a” na “the” na kugeuza namba zilizoandikwa kwa maneno kuwa tarakimu. Sasa ilete huku. “Kuna watoto wangapi?” Wawili. “Viti vingapi?” Viwili. Machungwa? Mawili. Ndizi? Mbili. Miti? Miwili. Modeli ikijibu “mbili” kuhusu watoto, imekosea sarufi lakini imehesabu sawa, na msahihishaji anayelinganisha herufi kwa herufi ataipa sifuri. Rangi nazo ni hivyohivyo: shati moja mmoja ataliita kahawia, mwingine hudhurungi, mwingine rangi ya udongo. Watu kumi wanaweza kugawanyika hivyo bila yeyote kukosea, na modeli inayosema ukweli, ikiangukia neno lililotumiwa na mmoja tu, ikaambulia theluthi.

Tena lugha yetu huvujisha majibu kwa njia ambayo Kiingereza hakina. Swali “Wako wangapi?” limeshasema kwamba ni watu au wanyama. “Kimefunguliwa?” limeshataja ngeli ya kitu, na milango yote imeondoka kwenye hesabu: kinaweza kuwa kitabu, kisanduku, kibanda. Anayetafsiri neno kwa neno hatambui kwamba ametia dokezo ndani ya swali.

Ndiyo maana nautazama kwa jicho tofauti MaRVL wa mwaka 2021, ambao Kiswahili ni moja ya lugha zake tano. Humo wazungumzaji wenyewe walichagua mambo ya kwao na picha zake, kisha wakaandika sentensi kuhusu jozi ya picha, na kazi ya modeli ni kusema kweli au si kweli. Modeli zilizofundishwa kazi hiyo kwa Kiingereza, zilipoletwa kwenye Kiswahili, hazikupita sana kiwango cha kubahatisha, yaani nusu kwa nusu.

Dhana: ili kujua haya unahitaji maabara

Unahitaji maswali 100 na uvumilivu. Yafanyishe mara tatu: kwa picha yake, bila picha, na kwa picha ya swali jingine. Tuseme ni maswali ya kuchagua jibu moja kati ya manne, na umepata 62, 41 na 40. Sakafu yako si sifuri wala 25. Sakafu ni 41, na picha imeongeza alama 21.

Usiishie hapo. Chukua yale 41 yaliyopatikana bila picha, zungusha mpangilio wa A, B, C na D, uyarudie mara kadhaa. Yale yanayopatikana kila mara hata ukizungusha si bahati: yasome moja moja, utakuta jibu limo kwenye swali, au ni elimu ya kawaida, au yamevuja. Hayo yaondoe. Yanayopotea yalikuwa ya kuotea, yarudishe.

Na safari ile ya picha isiyo yake iangalie kwa makini kuliko zote. Umeuliza idadi ya mitumbwi na umeweka picha ya jikoni. Jibu linalofaa ni kwamba mitumbwi haimo. Modeli ikijibu “miwili” bila kusita, kwa sarufi safi kabisa, rudi kwenye zile 62 uhesabu maswali ya idadi yaliyojibiwa “miwili”, “wawili” na “viwili”.