Nguzo ndefu na mkia mrefu: kusoma mapato ya kijiji kwenye histogramu

*Kwenye mkutano wa kijiji tulionyeshwa chati ya mapato ya kaya. Nguzo ndefu kuliko zote ipo kati ya laki 1 na laki 2 kwa mwezi, lakini mtoa taarifa akasema wastani wetu ni laki 3. Nani mkweli hapo?*

Wanaweza kuwa wakweli wote, chati na mtoa taarifa. Tutumie kijiji cha kubuni chenye kaya 100, huko Mtwara Vijijini. Wengi wanalima korosho, wengine wanavua, wapo mama lishe na bodaboda, na kaya chache zina mshahara wa serikali. Karani amepita nyumba kwa nyumba, akajumlisha kipato cha mwaka mzima cha kila kaya, akakigawa kwa 12. Namba zote ni za mfano tu:

```
Maelfu ya shilingi   Kaya
0–100                 18
100–200               34
200–300               20
300–400               11
400–500                6
500–600                3
600–700                0
700–800                0
800–900                4
900–1,000              2
zaidi ya 1,000         2
```

Ukiichora hivi inaitwa histogramu: kila mstari hapo ni nguzo moja, na urefu wake ni idadi ya kaya. Nguzo ya laki 1 hadi 2 inazishinda zote. Baada yake nguzo zinapungua kidogo kidogo kuelekea kulia, na huko mwisho kuna kaya mbili ambazo tuseme zinapata milioni 2.4 na milioni 3.1. Huo ndio mkia. Mchoro wa namna hii husemwa umeelemea kulia, na hapo wengi huchanganyikiwa, kwa sababu rundo la kaya wanaliona kushoto. Jina linafuata mkia unakoelekea, si rundo lilipo.

Mkia ndio unaovuta wastani. Ukijumlisha mapato ya kaya zote 100, kwa kuchukua katikati ya kila nguzo, unapata milioni 30, yaani laki 3 kwa kila kaya. Sasa ziondoe zile kaya mbili za mwisho. Zinabaki milioni 24.5 kwa kaya 98, na wastani unashuka hadi laki 2 na nusu. Kaya mbili tu zimepandisha wastani wa kijiji kizima kwa elfu 50, na hakuna jirani aliyeongezewa hata shilingi. Hesabu tena walio chini ya laki 3: 18, 34 na 20, jumla kaya 72. Karibu robo tatu ya kijiji wako chini ya kinachoitwa wastani wao.

Kama unataka kujua kaya ya kawaida inapata ngapi, wapange wote kutoka mwenye kidogo hadi mwenye kingi, umtafute aliye katikati. Wa 50 na wa 51 wote wamo ndani ya nguzo ndefu, karibu na ukingo wake wa juu, kwa hiyo kipato cha katikati ni pungufu kidogo ya laki 2. Ukizitoa zile kaya mbili tajiri, namba hii haitikisiki sana. Kwa maoni yangu, taarifa ya mapato inayotaja wastani bila kutaja kipato cha katikati haijakamilika. Namba hizo mbili zikiachana kama hapa, 300 kwa 200, ujue kuna mkia hata kama mchoro hukuuona.

Na mara nyingi hutauona. Angalia nguzo ya mwisho: “zaidi ya 1,000”. Imechorwa fupi, imebanwa pembeni. Kama ingechorwa kwa upana uleule wa laki moja moja, karatasi ingelazimika kuwa na nguzo zaidi ya 30, nyingi zikiwa tupu, ndipo tukazifikie kaya zile mbili.

Halafu lipo pengo la kuanzia laki 6 hadi laki 8. Pengo la kweli huashiria kwamba kuna makundi mawili yasiyofuata njia moja. Katika kijiji chetu, kaya sita zinazofuata mara tu baada ya pengo, kabla ya zile mbili tajiri, ni za waajiriwa. Mkulima hafiki huko kwa kuongeza mikorosho miwili mitatu, na mwalimu hashuki upande wa mkulima mnada wa korosho ukifanya vibaya. Lakini usiliamini pengo haraka. Chora upya kwa nguzo za upana wa elfu 250: laki 5 hadi 7 na nusu ina kaya tatu, inayofuata ina sita, na pengo limetoweka. Chora kwa nguzo nyembamba za elfu 20, mapengo yatajaa kila mahali, kwa sababu watu hutaja namba za mviringo: laki, laki na nusu, laki 2. Pengo linalobaki hata ukihamisha kingo na kubadili upana kidogo, na lenye kaya za kutosha pande zote mbili, ndilo la kuulizia. Kaya sita ni chache. Mimi ningeuliza kwanza kazi zao ndipo niseme kitu.

Turudi kwenye nguzo ndefu, maana ndiyo inayoficha mengi. Chukua kaya mbili zenye elfu 150 kila moja. Ya kwanza ni ya mama lishe anayepata kiasi hicho karibu kila mwezi, anaishi na mtoto mmoja. Ya pili ni ya mkulima mwenye watu wanane nyumbani. Aliuza kilo 1,000 za korosho kwa bei ya mfano ya shilingi 2,400, akapata milioni 2.4. Toa palizi, kupulizia, vibarua wa kuokota na makato, tuseme laki 9, inabaki milioni 1.5. Ongeza laki 3 za vibarua vyake vya mwaka, inakuwa milioni 1.8, ambayo kwa 12 ni elfu 150. Kwake kila mtu anaangukia elfu 18 na kitu, kwa mama lishe elfu 75. Wote nguzo moja.

Karani akikosea akaandika mauzo badala ya kinachobaki, mkulima yuleyule anapata milioni 2.7 kwa mwaka, yaani elfu 225 kwa mwezi, na anahamia nguzo inayofuata, ya laki 2 hadi 3, bila kuongeza hata punje. Kinyume chake, mihogo na mbaazi zinazoliwa nyumbani zisipokadiriwa bei, anasogea kushoto. Ndiyo maana umaskini nchini hupimwa kwa matumizi ya kaya, chakula cha shambani kikiwemo, kuliko kutegemea mapato peke yake.

Kule kugawa kwa 12 nako kunafuta msimu. Fedha za korosho huingia kwa wingi mwishoni mwa mwaka, minada ikianza na vyama vya ushirika vya wakulima, AMCOS, vikilipa. Chora histogramu ya mwezi wa malipo peke yake, na mkulima wetu ataruka hadi kwenye mkia, jirani na zile kaya mbili tajiri. Chora ya Machi, utamkuta nguzo ya kwanza kushoto, na elfu 25 za kibarua mkononi. Mama lishe hatembei mbali. Kwenda Ruangwa au Nachingwea, kwenye ufuta mwingi, mruko mwingine hutokea katikati ya mwaka, kwa hiyo chati za vijiji viwili zilizokusanywa mwezi mmoja hazilinganishwi kabla hujauliza kila kijiji kinauza nini na lini.