Saluni ya stara huanza mlangoni: mambo niliyoyaona Mji wa Kale

Dada mmoja mwenye saluni Mji wa Kale, Mombasa, aliniita nikamtazamie biashara yake. Kibao cha nje kilisema "Wanawake tu". Mkono wake ni mzuri, bei zake ni za kawaida, na wasichana wake wawili wanasuka vizuri. Lakini wateja wa buibui, aliowakusudia tangu mwanzo, walikuwa wakija mara moja na wasirudi tena. Hakuna aliyelalamika. Mmoja tu, mama wa makamo, alisimama kati ya chumba siku ya kwanza akatazama huku na huku, akauliza, "Mwanangu, hapa kichwa nitakifunua wapi?" Akaambiwa akae popote, wote humu ni wanawake. Akaaga kwa adabu, akatoka.

Nilisuka na kuosha vichwa kwa miaka mingi kabla ya kuanza kuwapangia wenzangu saluni, na swali la yule mama ndilo ninaloanza nalo kila nikiitwa. Kibao cha "Wanawake tu" kinaeleza nani ataingia. Mteja wa stara anataka kujua nani atamwona, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Nikakaa pale tangu alasiri hadi isha. Mchana sikuona kasoro kubwa. Dirisha la mbele lilibandikwa tinti ile inayong'aa kama kioo kwa nje, na ukisimama barabarani unajiona mwenyewe. Magharibi ilipoingia wakawasha taa. Nikatoka nje, nikavuka barabara, nikageuka. Niliwaona wote waliokuwamo, kichwa kwa kichwa, hata rangi za rola.

Tinti hiyo haifichi mtu kwa nguvu zake. Inaficha upande wenye giza na kuuonyesha upande wenye mwangaza. Mchana jua liko nje, kwa hiyo aliye nje haoni ndani. Usiku taa ziko ndani, mambo yanageuka: aliye ndani anajiona mwenyewe kiooni na kudhani amestirika, na wapita njia wanamwona yeye. Dada yule alikuwa amefanya kazi hivyo tangu alipofungua, na kila jioni alikuwa hajui. Tukaibandua, tukaweka karatasi ya ukungu, ile nyeupe inayopitisha mwanga bila kuonyesha sura, na nyuma yake pazia zito la kushushwa jioni.

Jambo la pili lilikuwa vioo vya ukutani. Kuna kipimo chepesi ambacho namwomba kila mwenye saluni akifanye mwenyewe. Keti kwenye kiti cha mteja, tazama kioo kilicho mbele yako, na mtu afungue mlango. Ukiuona mlango ndani ya kioo, basi aliyesimama mlangoni anakuona uso, hata kama umempa mgongo. Pale Mji wa Kale viti vitatu kati ya vinne vilishindwa. Kijana aliyeleta maji ya mitungi alikuwa akigonga, anafunguliwa, anaweka mtungi na kuondoka, haingii hata hatua moja. Lakini kwa ile nusu dakika alikuwa ana vioo vitatu mbele yake.

Dawa ya tatizo hili wazee wetu walishaijua. Nyumba za mawe za Lamu zina daka nje, yaani kibaraza cha mlangoni, kisha tekani, ukumbi mdogo wa kuingilia, na njia imepindwa ili aliye mlangoni asione kilicho ndani ya kiwanda, ule ua wa ndani ya nyumba. Mgeni anaweza kubisha, kusalimu, kupokewa mzigo, na nyumba ikabaki na stara yake. Tulifanya vivyo hivyo kwa plaiwudi: ukuta mfupi hatua moja na nusu kutoka mlangoni, mpana kuliko mlango kwa kila upande, kimo cha futi saba. Juu tuliacha wazi hewa ipite. Hapo mbele ya ukuta pana kiti, kengele na rafu ya mizigo. Kijana wa maji sasa anaishia hapo, na mume aliyekuja kumchukua mkewe naye anangoja hapo.

Dada alikuwa ametaka kukigawa chumba chote kiwe vyumba vidogo vinne. Nilimkataza. Vyumba vingi vya plaiwudi hufunga hewa, na harufu ya dawa ya kulainisha nywele ikikosa pa kutokea, macho ya mteja na ya msusi yanawasha. Wengi wa wateja hawa hawajifichi kwa wanawake wenzao; wanapenda kukaa pamoja na kuzungumza. Chumba cha faragha kinahitajika kwa singo ya kusugua mwili, kwa kuondoa nywele za mwili, kwa bi harusi, kwa mwenye nywele zilizokatika pembeni anayeona haya, na kwa mama wa Akorino, dhehebu la Kikristo, asiyefungua kilemba mbele za watu. Kimoja kinatosha kwa saluni ya viti vinne. Kiwe na komeo la ndani, ukuta ufike juu upande wa barabara, feni ya kuvuta hewa nje, na misumari ya kutundikia buibui ndani humo humo. Misumari hiyo wengi huisahau. Mteja akitundikiwa buibui lake karibu na mlango wa nje, hawezi kulifikia haraka akilihitaji, na hilo linamkosesha raha muda wote.

Nije kwenye saa za swala. Wenye saluni hudhani adhuhuri ndiyo yenye shida kwa sababu iko katikati ya kazi. Mombasa adhuhuri huingia kati ya saa 6:05 mchana, mwishoni mwa Oktoba na mwanzo wa Novemba, na kama saa 6:35, mwezi wa Februari. Wakati wake unaendelea hadi alasiri, zaidi ya saa tatu. Mteja yeyote anapata nafasi humo. Penye dhiki ni magharibi. Inaingia kati ya saa 12:10 na 12:45 jioni kutegemea mwezi, na isha inafuata baada ya saa moja na dakika chache. Na jioni ndiyo saa ambayo watu wametoka kazini.

Chukua mteja aliyefika saa 11:30 kutia dawa. Kugawa nywele na kupaka mafuta ya kukinga ngozi, dakika 15. Kupaka dawa na kuilainisha, nyingine 20. Hapo saa 12:05 inakaribia, kichwa hakijaoshwa, na adhana iko njiani. Dawa haimngoji mtu: ikipita muda wake inachoma ngozi na kukata nywele. Ikisha kuoshwa bado kuna shampuu ya kuizima, kisha stima ya mvuke, rola na draya. Huyu atamaliza karibu na saa mbili usiku, na magharibi imempita akiwa chini ya draya, isipokuwa aamke na kichwa kinachodondosha maji. Hatasema kitu. Ataona tu kwamba saluni yenu inamkosesha swala, na hatarudi.

Kwa hiyo daftari la miadi tulilipanga kwa aina ya kazi. Kazi yenye dawa au rangi haianzi chini ya saa mbili kabla ya magharibi. Kwa Mombasa hiyo ni saa 10 jioni mwaka mzima. Baada ya hapo kuna kusuka, hina na kufumua, kazi ambazo mtu anaweza kuinuka wakati wowote na kurudi zikaendelea pale pale. Wasusi nao wanaswali kwa zamu, mmoja mmoja, ili mteja asiachwe peke yake. Mwezi wa Ramadhani mpango wote unageuka, kazi kubwa inahamia baada ya tarawehe, na wiki ya kuelekea Idi huchukui mteja asiye na miadi.

Pa kuswalia hapahitaji chumba. Nafasi ya mikeka miwili inatosha, mbali na nywele zilizofagiwa. Kibla kwa Mombasa ni kaskazini karibu kamili, kwa hiyo ni rahisi kupanga kona isiyoelekea kioo. Mfereji wa udhu uwe wa chini, na kibago cha kukalia. Msimpeleke mtu kutia udhu kwenye beseni la kuoshea nywele. Atainuaje mguu hapo mbele ya watu? Na anayeogopa kuharibu nywele zilizonyooshwa sasa hivi, wengi wetu hapa pwani ni Mashafii, na kupaka maji sehemu ndogo ya kichwa kunatosha. Wateja wenyewe wanalijua, ila msusi anayelijua pia humtulizia moyo.

Kucha zina adabu yake. Rangi huziba maji ya udhu, hina haizibi. Basi baadhi ya wateja huweka rangi siku ambazo hawaswali tu. Nimesikia msichana wa saluni akiuliza kwa sauti, "Leo huswali, nikupake rangi?" Mteja alinyamaza kabisa. Onyesha hina na rangi pamoja, mwache achague. Sababu ni yake.

Nyumbani kwake pia stara inaendelea, na huko saluni nyingi huivunja bila kujua. Simu nyingi hushikwa na zaidi ya mtu mmoja, na ujumbe husomeka juu ya kioo kabla simu haijafunguliwa. Dada alikuwa akituma: "Kesho saa 4 usisahau singo na waxing, karibu mpenzi." Mteja mmoja aliusomewa na shemeji yake mezani. Siku hizi ujumbe unasema: "Assalaam alaykum. Tunakukumbusha miadi ya kesho saa 4 asubuhi. Ukipenda kubadilisha, tujulishe." Hautaji kazi, hautaji "mpenzi". Siku ya kwanza mteja anaulizwa apigiwe au aandikiwe, saa ngapi, na kama akipokea mtu mwingine tujitambulishe vipi. Jina la tili ya M-Pesa nalo lichaguliwe kwa uangalifu, maana litasomeka kwenye ujumbe wa malipo.

Kuhusu picha nina msimamo mkali. Tangaza saluni kwa picha ya chumba kitupu, ya mikono yenye hina, ya ukuta wa mlangoni ili mtu aone atakavyostirika. Kichwa cha mteja kisipigwe, hata kwa nyuma, bila ridhaa yake iliyoandikwa. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na hata isingekuwapo ningesema hivyo hivyo. Hatari kubwa zaidi ni simu za wateja wenyewe. Anayejipiga picha kwenye kioo anawachukua wote walio nyuma yake. Pale tumeweka kona moja ya kujipiga picha, ukuta mtupu nyuma, na nje ya kona hiyo simu haiinuliwi.

Yule mama wa makamo alirejea mwezi wa tatu, amemleta mkaza mwanawe. Alisimama tena kati ya chumba, akatazama vioo, kisha akaanza kutoa pini za mtandio.

Kilichobaki ni umeme. Ukikatika mchana wa Februari, feni zinasimama na wasichana wanakimbilia kufungua mlango na dirisha. Tumeagiza feni mbili za betri, na fundi atatoboa matundu ya hewa juu ya kimo cha mtu, upande wa ua. Atakuja Jumapili, saluni ikiwa imefungwa.